Waraka kwa ndugu kabla sanduku la mama halijafunguliwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kisauni aliniandikia kwamba mama yao amefariki, arobaini haijafika, na tayari dada yake mkubwa amevaa bangili za marehemu mbele ya wageni waliokuja kutoa pole. Aliniuliza awaandikie nini ndugu zake bila kuonekana ana haraka ya mali. Nimeona nimjibu hapa, kwa sababu waraka nilioandika mimi mama yetu alipofariki umeshaombwa na jamaa kadhaa wa Kibokoni na Majengo, na sitajifanya sijivunii jambo hilo.

Sisi tuko watano, wanaume wawili na wanawake watatu, na mmoja wa kaka zangu anafanya kazi Maskati. Baba alitangulia, na wazazi wa mama pia, kwa hiyo warithi tulikuwa sisi peke yetu. Niliamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu humfikia mmoja kabla ya mwingine, na anayesikia wa pili huanza kujiuliza wa kwanza ameambiwa nini. Hata hivyo, mimi ni wa nne kuzaliwa, na wa nne hawapangii wakubwa wake mambo ya mirathi hivi hivi. Nilimpelekea kwanza mjomba, akausoma, akampigia kaka mkubwa amweleze kuwa unakuja, kisha sote tukaupokea usiku mmoja. Ulianza hivi:

“Kaka zangu na dada zangu, assalaam alaykum. Nawaandikia kwa idhini ya mjomba ili sote tusome maneno yale yale. Siombi kitu chochote katika waraka huu, wala simlaumu mtu kwa kitu chochote. Naomba tuandike kwanza alichoacha mama, kilipo kwa sasa, na deni alilokuwa nalo.”

Maneno “kilipo kwa sasa” ndiyo yaliyotuokoa, na msomaji wangu ningependa ayashike. Vipuli vya mama vilikuwa tayari vimetoka nyumbani, na sote tulijua vilikokwenda. Kama ningeandika “vimechukuliwa na”, ningekuwa nimefungua kesi. Niliandika “vipo kwa dada, amevihifadhi”, na kuanzia hapo aliyevichukua akawa mtunzaji anayepaswa kuvirudisha mezani, naye alivirudisha bila mtu kumwomba.

Mgogoro wa kweli haukuwa vipuli bali maneno matatu ambayo kila nyumba yenye msiba huyasikia: mama aliniambia mimi. Mdogo wetu alisema mama alimwambia mkufu ni wake. Sikumwita mwongo, na nawasihi msimwite ndugu yenu mwongo hata mkiwa na hakika, kwa sababu sheria ya mirathi ya Kiislamu haiulizi tu kama maneno yalisemwa, inauliza pia kama kitu kilikabidhiwa. Ambacho mama alikutia mkononi akiwa mzima, ukakichukua na kukitumia kama chako, hiyo ni hiba na haimo katika mirathi. Ambacho alisema “nikifa utachukua” ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Alichotoa akiwa katika maradhi yaliyomuua nacho hupimwa kama wasia. Mkufu ule mama aliuvaa harusini miezi michache kabla ya kufariki na ukarudi katika sanduku lake, chini ya kanga, ndani ya kopo la biskuti. Kwa hiyo nilimwandikia mdogo wangu kwamba namwamini kuwa aliahidiwa, na kwamba ahadi hiyo inamtanguliza kuuchagua mkufu, lakini haimwondolei hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kuliko ugomvi wake. Tulipeleka dhahabu yote kwa sonara, wawili wetu na mjomba, naye akatoa vito na vishikizo visivyo vya dhahabu kabla ya kupima, kwani ukipima kipini na jiwe lake unalipia jiwe bei ya dhahabu. Mwambieni awaandikie gramu na karati za kila kipande, kisha mpeleke kwa sonara wa pili, na muulize ni bei ipi, maana bei ya kununulia na ya kuuzia si moja. Sisi tulitumia ile ambayo sonara angetulipa. Pamoja na jokofu, samani, cherehani na fedha zake za chama, jumla ikawa shilingi 458,000. Madeni ya dukani na gharama za mazishi zilizokopwa zilikuwa 38,000, na hizo hutoka kabla ya mrithi yeyote kugusa kitu. Zikabaki 420,000. Kwa kuwa mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja, wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba, yaani 60,000 kwa fungu. Mkufu ulithaminiwa 95,000. Mdogo wetu aliuchukua na kuandika kwamba anadaiwa 35,000, ambazo alizilipa kidogo kidogo kwa dada mwingine aliyependelea fedha kuliko vyombo. Karatasi hiyo tuliitia saini sote, na kaka wa Maskati alituma yake kwa picha.

Kanga, mbuzi ya kukunia nazi, tasbihi na vikombe vya kahawa hatukuvithamini. Tuliridhiana sote watano kwamba kila mmoja achague kimoja kwa zamu, kuanzia mdogo kwenda mkubwa, mpaka viishe. Hili linafaa pale tu ambapo warithi wote ni watu wazima. Akiwapo mtoto, hana ridhaa ya kutoa, na fungu lake halipunguzwi kwa ukarimu wa wakubwa.

Si wote walionishukuru. Kaka mmoja alisema mbele ya wazee kwamba nimekigeuza kifo cha mama kuwa daftari la duka, na maneno hayo bado yananichoma kila Idi tunapokutana. Lakini huyo huyo ndiye aliyeniomba nakala shemeji yake alipofiwa. Enyi mnaosema karatasi inaharibu undugu, kaeni siku moja katika baraza la mahakama ya kadhi msikilize ndugu wa tumbo moja wakibishana juu ya bangili ambazo hakuna aliyeziandika.

Kwa dada yangu wa Kisauni: usimlaumu dada yako mkubwa katika waraka. Andika “bangili, zipo kwa dada mkubwa”, mpe mjomba au imamu wa mtaa wenu ampelekee yeye kwanza, na panga siku ya kukutana baada ya hitma. Akikataa kuzileta kwa sonara, zipimwe kwa picha na kumbukumbu za wanaozijua, kisha thamani yake ihesabiwe katika fungu lake, na kama inazidi fungu aandikiwe deni. Akilikana hilo pia, Katiba ya 2010, ibara ya 170, inaiachia mahakama ya kadhi kuamua mirathi ya Waislamu pale ambapo pande zote zimekubali kufika mbele yake. Nenda na cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi, na ile orodha yenu yenye tarehe.