Niombe mshahara ghafi kiasi gani ili nipate 900,000 mkononi?

"Slipu yangu: ghafi 1,000,000, pensheni 100,000, kodi 70,000, mkopo 100,000, mkononi 730,000."

Mtu angekwambia ugawanye 900,000 kwa 0.73, yaani sehemu ya ghafi inayokufikia sasa, angekuwa sahihi nusu. Angekupa 1,232,877, na mkononi ungepungukiwa na kama 23,000. Mkopo haupandi mshahara ukipanda, lakini kila nyongeza inaangukia kwenye daraja lako la juu la kodi, na hilo ndilo la kuangalia.

Tafuta slipu ya mwezi uliolipwa ovataimu. Tuseme ghafi ilikuwa 1,100,000 na mkononi 793,000. Nyongeza ya 100,000 ilikuachia 63,000, yaani 0.63. Unakosa 170,000, gawanya kwa 0.63, upate takriban 270,000. Omba 1,270,000.

Kabla ya kuliamini hilo, angalia mstari wa pensheni kwenye slipu hiyo ya ovataimu. Ukipanda kutoka 100,000 hadi 110,000, sawa. Usipopanda, pensheni yako inakatwa kwenye mshahara wa msingi tu, na nyongeza ya kudumu itakuachia kidogo kuliko ovataimu ilivyokuachia.

Bonasi ya mwaka ni hesabu nyingine. Usiitumie slipu ya mwezi uliolipwa bonasi.

Kinachobaki ni kama 1,270,000 inavuka daraja jingine la kodi. Tuandikie viwango vinavyotumika kwako, maana ikivuka itabidi uongeze.