Dola zimekwisha kwenye leja, shilingi zimebaki: tathmini ya fedha za kigeni kwenye ERPNext

Swali: Assalaam alaykum. Tunaagizia vigae kutoka China. Ankara zinakuja kwa dola, vitabu vyetu ni vya shilingi. Ankara ya Novemba ilikuwa dola 20,000 kwa kiwango cha 2,500. Tarehe 31 Disemba tukafanya Exchange Rate Revaluation kwa 2,560. Januari tukalipa deni lote kwa 2,540, lakini leja ya msambazaji inaonesha dola 0 na shilingi 1,200,000 bado zipo. Niifute ile jono ya Disemba? Na msambazaji mwingine tuliyempa advansi ya dola 6,000, mzigo wake haujafika, naye thamani yake imepanda. Ni sawa? (Mhasibu, Mlandege, Unguja)

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu mhasibu. Usiifute ukaiacha hivyo. Ukiifuta, mizania ya 31 Disemba itaonesha deni la shilingi 50,000,000, wakati siku ile dola 20,000 zilikuwa na thamani ya 51,200,000. Jono ya Disemba ilikuwa sahihi kwa ankara ile. Kilichokosekana ni kuigeuza tarehe 1 Januari.

Sababu iko kwenye namna mfumo unavyolinganisha malipo na ankara. Ulipoingiza Payment Entry, ERPNext haikuangalia kiwango cha Disemba. Ilirudi kwenye kiwango kilichoandikwa ndani ya ankara yenyewe, yaani 2,500. Kwa hiyo ilimpunguzia msambazaji shilingi 50,000,000, benki ikatoka 50,800,000, na 800,000 ikaandikwa hasara. Ile 1,200,000 iliyoongezwa Disemba haikuguswa na mtu. Imekaa kwenye akaunti bila dola ya kuisimamia, na vitabu vyako sasa vinasema umepata hasara ya 2,000,000 wakati ankara ile imekutia hasara ya 800,000 tu.

Ukigeuza jono tarehe 1 Januari, hesabu inakaa mahala pake. Disemba inabaki na hasara ya 1,200,000, kwa sababu deni kweli lilikuwa limepanda. Januari inapata 1,200,000 ya kugeuza, inatolewa 800,000 ya malipo, inabaki faida ya 400,000. Na ndivyo ilivyokuwa: deni uliloingia nalo mwaka mpya ni 51,200,000, ukalimaliza kwa 50,800,000.

Fungua jono ya Disemba, bonyeza Reverse Journal Entry, weka Posting Date ya 1 Januari. Hapa simama kidogo kabla ya Submit. Jono ya tathmini ina mistari miwili kwa msambazaji mmoja: dola 20,000 upande mmoja kwa kiwango kipya na dola 20,000 upande wa pili kwa kiwango cha zamani. Wengi wanaiona wakadhani imejirudia, wakafuta mmoja. Yote miwili inahitajika. Dola zinafutana, tofauti ya shilingi ndiyo inayobaki. Tatizo jengine ni kwamba ukibadilisha tarehe, mfumo unaweza kuvuta upya kiwango cha siku hiyo katika kila mstari, na mistari yote ikawa na kiwango kimoja. Hakikisha bado inasomeka 2,560 na 2,500, na tofauti ni 1,200,000 kamili.

Njia ya pili, kama Januari imeshakwenda mbali, ni kufanya Exchange Rate Revaluation nyengine ya mwisho wa mwezi. Matoleo ya karibuni yanaleta pia msambazaji mwenye dola 0 na shilingi zilizobaki, na kutengeneza jono ya kuzifuta shilingi hizo. Matokeo ya mwezi ni yale yale. Mimi napendelea kugeuza, kwa sababu mkaguzi akifuata jono anaona ilikotoka na ilikorudi.

Baada ya tathmini ya kila mwezi, fanya hesabu hii kwa kila msambazaji anayekudai dola:

```
baki la shilingi / baki la dola = kiwango cha mwisho wa mwezi
51,200,000 / 20,000 = 2,560
```

Jibu likiwa tofauti, kuna mabaki ya zamani ndani yake. Na kama msambazaji hatokei kabisa ukibonyeza Get Entries, tazama akaunti aliyowekewa: lazima Account Currency yake iwe USD. Ankara ya dola iliyoingizwa kwenye akaunti ya wadai ya shilingi haitathminiwi.

Sasa advansi. Hii si sawa. Tathmini ya mwisho wa mwezi ni ya vitu vitakavyomalizwa kwa fedha, na zile dola 6,000 hazitarudi kama fedha, zitarudi kama vigae. Ndivyo zinavyosema IAS 21 na IFRIC 22: advansi ya bidhaa inabaki kwenye kiwango cha siku uliyolipa. Tuseme ulilipa kwa 2,520. Mfumo umekuandikia faida ya 240,000 ambayo haipo. Ingekuwa mkataba umevunjika na msambazaji anatakiwa akurudishie dola zako, hapo ndipo ingetathminiwa.

Kama Disemba haijafungwa, futa (Cancel) jono na tathmini yake, ifanye upya kwa tarehe ile ile, na baada ya Get Entries ondoa mstari wa huyo msambazaji wa advansi kabla ya Submit. Kisha tengeneza jono na uigeuze 1 Januari. Kama Disemba imefungwa, kugeuza jono nzima 1 Januari kutaiondoa na ile 240,000. Umebahatika kwamba hawa ni wasambazaji wawili. Angekuwa mmoja, katika akaunti moja, mfumo ungechukua dola 14,000 kama baki lake na kosa lisingeonekana. Kwa hiyo kwenye Company washa Book Advance Payments in Separate Party Account, advansi zikae akaunti yake. Akaunti hiyo nayo ikiwa ya dola italetwa na Get Entries, basi mstari wake uondoe kila mara.

Mzigo ukifika, jambo hili linakufuata. Tuseme ni boksi 1,000 za dola 20, jumla dola 20,000, na kiwango cha siku ni 2,600. Ukiingiza zote kwa 2,600, stoki inakuwa 52,000,000, na ukiunganisha advansi mfumo unaandika faida ya 480,000. Gharama ya kweli ni 15,120,000 kwa boksi 300 zilizolipiwa kwa advansi, na 36,400,000 kwa boksi 700 zilizobaki, jumla 51,520,000. Gawa Purchase Receipt na Purchase Invoice mara mbili: boksi 300 kwa Exchange Rate ya 2,520, uiunganishe na advansi, na boksi 700 kwa 2,600. Purchase Receipt usiisahau, maana stoki inapata thamani kutoka huko.

Mwisho, kiwango kilichomo kwenye karatasi za forodha za TRA ni cha kukokotolea ushuru. Usikihamishie kwenye ankara ya msambazaji. Ushuru ingiza kwa shilingi zile zile zilizokadiriwa, uupeleke kwenye stoki kwa Landed Cost Voucher. Kwa ankara na kwa tathmini tumia kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania au cha benki yenu, chanzo kimoja kwa mwaka mzima, na kiwango ukiandike kwa mkono kwenye Currency Exchange kwa tarehe ya siku husika.