Dada Simba, shemeji Mizani: spichi yako ianzie kwenye balbu

"Shikamoo shangazi. Dada angu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo hapa Morogoro na mimi ndo nimepewa spichi ya upande wetu, dakika 4. Nimeangalia kwenye apu ya nyota, dada jua lake liko Simba na mwezi Mizani, shemeji jua Mizani na mwezi Simba, yani wamebadilishana kabisa! Nikaandika kurasa 3, nikamsomea rafiki angu akasinzia. Nataka watu wacheke ila waone hawa wawili wanavyokamilishana. Dada ni mtu wa kukesha na kutawala kila kikao, shemeji mpole, anaamka saa 11 alfajiri, na juzi alibadilisha balbu sebuleni akatuita wote tuje tuione. Mzee wa kanisa atakuwa meza kuu. Nisaidie. – Mdogo wa bibi harusi"

Marahaba mwanangu. Hiyo balbu ndo spichi yako, na nimefurahi sana umeiandika maana ungeniletea nyota tupu ningekwama na mimi.

Ila kabla hujaandika mstari mwingine, kahakikishe huo mwezi. Jua linakaa kwenye nyota moja karibu mwezi mzima kwa hiyo hapo ni vigumu kukosea, lakini mwezi unahama kila baada ya siku 2 na nusu hivi, ndo maana apu inakuuliza mpaka saa ya kuzaliwa. Na hapo ndo sisi waswahili tunajikwaa, mama anakwambia dada ako alizaliwa saa 2 usiku, wewe unaingiza 2:00, kumbe apu inasoma saa za kizungu, hiyo ni saa 8 usiku wa kuamkia siku hiyo, ulitakiwa uweke 20:00. Umekosea masaa 18, na ndani ya masaa 18 mwezi unatembea karibu theluthi nzima ya nyota, kama ulikuwa umeingia Mizani jioni ile basi apu itakwambia ni Mashuke na ule utamu wa kubadilishana umekufa. Katafute kadi ya kliniki, muulize na mama mkwe wa dada kuhusu shemeji, kisha ingiza upya. Tarehe nayo unaweza kuihakiki kwa kuwauliza wazazi mwezi wa angani ulionekanaje siku hizo, nitakwambia kwa nini hapo chini.

Sasa kwa nini rafiki ako alisinzia. Wageni ukumbini wengi wanajua nyota yao moja tu, ile ya jua, waliyokuwa wanaisoma magazetini enzi za Sheikh Yahya Hussein, ukisema mwezi wake uko Mizani wanaanza kutafuta soda. Wape maana moja nyepesi na uiseme mara moja tu: jua ni mtu anavyoonekana mchana mbele za watu, mwezi ni anachohitaji usiku akishavua viatu. Basi, hata bibi wa miaka 80 ataelewa. Hao wataalamu wa nyota tangu Ptolemeo wa Aleksandria, karne ya 2, wakitazama ndoa wanaangalia jua la mmoja linapatanaje na mwezi wa mwenzake, maana yake ni kwamba kile anachotoa huyu mchana ndicho anachokihitaji yule usiku. Kwa dada ako na shemeji hilo linaenda pande zote mbili, na ndo kitu cha kuwaonyesha watu kwa vituko vyao wenyewe.

Mi ningeanza hivi, bila kutaja nyota hata moja mpaka ufike kwenye balbu:

"Ndugu zangu, dada yangu akiingia kwenye kikao, hata kama kikao ni cha watu wengine, dakika 5 anakuwa mwenyekiti. Shemeji yangu akiingia anaulizwa ameshaingia? Kwa miezi tulikuwa tunajiuliza huyu mpole ataishi vipi na huyu. Halafu juzi akabadilisha balbu." Hapo nyamaza kidogo, wale waliokuwepo sebuleni wataanza kucheka wenyewe na wengine watataka kujua. "Akatuita wote. Mimi, mama, mpaka mtoto wa jirani. Tukasimama chini ya ile balbu tunaitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka aseme inawaka vizuri. Nikasema kumbe! Jua la huyu ni Mizani lakini mwezi wake ni Simba, mchana anapatanisha watu, akifika nyumbani anataka kupigiwa makofi. Na nani anajua kupiga makofi hapa mjini kuliko dada yangu?"

Kisha geuza upande wa pili. Simba wa dada kila mtu amemsikia akinguruma, lakini wewe uliyelala naye chumba kimoja unajua mwezi wake wa Mizani, kama kweli yupo hivyo: akigombana na mtu mchana, usiku halali mpaka wapatane. Tafuta tukio moja la hivyo, la kweli, labda alikuamsha saa 8 usiku kukuomba msamaha wa kitu ambacho wewe ulishasahau. Ukishalisema, mgeukie shemeji umwambie, "Shemeji, kuanzia leo zamu ya kuamshwa ni yako, mimi narudi kulala." Ukumbi utaanguka, naamini.

Usipopata tukio la kweli kiache hicho kipande chote, usitunge, kwa sababu utani wa nyota unachekesha tu pale watu wanapomwona mhusika ndani yake.

Na sasa ule mwezi wa angani, huu mimi naupenda kuliko vyote. Mtu mwenye jua Simba na mwezi Mizani amezaliwa siku chache baada ya mwezi kuandama, ile hilali inayoonekana magharibi jua likishazama. Mwenye jua Mizani na mwezi Simba amezaliwa mwezi ukiwa unaisha, ule mwembamba unaochomoza mashariki kabla ya alfajiri. Umeona? Dada wa kukesha kazaliwa na mwezi wa jioni, shemeji wa saa 11 kazaliwa na mwezi wa alfajiri. Na kama wazazi wanakumbuka tofauti na hivyo, mfano mwezi mpevu umejaa, ujue tarehe uliyoingiza ina kasoro. Kwa hiyo maliza na hili: "Mmoja kazaliwa mwezi ukiingia, mwingine ukitoka. Hii nyumba itakuwa na mtu macho saa zote, mwizi ahamie mtaa mwingine, na mtoto akilia usiku hakuna wa kusingizia usingizi."

Kuhusu mzee wa kanisa, huo mwisho unamfaa hata yeye, jua na mwezi vimo kwenye sura ya 1 ya Mwanzo na hakuna anayekatazwa kutazama juu. Kinachowaudhi wazee ni kutabiri, kwa hiyo usiseme nyota zimeandika wataishi vizuri au watapata watoto wangapi, na usiguse kabisa maneno kama kusafisha nyota au nyota kung'aa, hapo watu wanawaza mganga. Wewe unasimulia tabia ambazo tayari mnaziona. Kama bado una wasiwasi mpigie siku 2 kabla umsomee ile sehemu ya balbu, akicheka umeshavuka.

Kwa dakika 4 hiyo yote inatosha ukiisoma taratibu, kurasa zako 3 zibaki nusu ukurasa. Na kabla hujashika maiki, mwombe mtu wa taa pale ukumbini, ukifika kwenye balbu aiwashe ile iliyo juu ya meza kuu.