Kichwa cha habari kimebaki peke yake chini ya ukurasa

*"Kwenye Word, kichwa cha sura kiko chini ya ukurasa wa 7, maneno yake yameanzia wa 8. Widow/Orphan control nimeshaweka tiki, bado."*

— Gonga Ctrl+Enter kabla ya kichwa, kwisha kazi.

— Hapo kitashuka, ndugu, ila ukiongeza mistari mitano huko juu, kichwa kinasukumwa na unabaki na ukurasa karibu wote mtupu. Tiki uliyoweka hulinda mistari ya aya moja tu: inazuia mstari mmoja usiachwe pekee chini au juu ya ukurasa. Kichwa ni aya nyingine. Kwenye Styles za kichupo cha Home, bofya kulia Heading 1, Modify, Format, Paragraph, kichupo cha Line and Page Breaks, weka tiki Keep with next. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+8: kidoti cheusi cha mraba kitokee kushoto kwa kichwa. Kikiwepo na bado kichwa hakisogei, tazama chini yake. Ukiona ¶ tupu, umepiga Enter ya ziada. Kichwa kimeshikamana na hiyo aya tupu, siyo na maandishi. Ifute, nafasi iweke kwenye Spacing After, 6 pt inatosha.

— Mimi jedwali langu ndilo linakatika katikati, nifanyeje?

— Hilo lingine, dada. Jaribu kuchagua safu mlalo zote isipokuwa ya mwisho, uweke Keep with next hiyohiyo.

— Aisee, ilikuwa Enter. Ila ukurasa wa 12 bado unanisumbua.