Kano la kisigino linauma: nilivyopona bila kuacha mbio kabisa

*"Wakuu, wiki ya tatu sasa nyuma ya kisigino cha kushoto panauma. Asubuhi nikishuka kitandani nachechemea hadi bafuni. Nikianza kukimbia maumivu yanapotea, jioni yanarudi. Sijaumia popote, zaidi ya ugonjwa wa njia ya mkojo mwezi uliopita, nikameza dawa nikapona. Nipumzike kabisa au niendelee? Kuna mtu kaniambia nichome sindano."*

Mkuu, tuanze na hiyo dawa ya njia ya mkojo. Tafuta paketi, au rudi dukani uulize ulipewa nini. Kama ilikuwa siprofloksasini, levofloksasini au nyingine ya jamii hiyo, simamisha mbio na uonane na daktari kabla hujafanya lolote kati ya haya ninayoandika hapa chini. Dawa hizo zinaweza kudhuru makano, na la kisigino ndilo huathirika zaidi. Shida inaweza kuanza ukiwa katikati ya dozi au hata miezi kadhaa baada ya kuimaliza, na kano linaweza kukatika kabisa. Mweleze daktari jina la dawa na siku ulizoitumia.

Kama haikuwa hiyo, ulivyoeleza ndivyo nilivyokuwa mimi nikijiandaa na nusu marathoni ya Moshi. Nilikuwa nakimbia kilomita 25 kwa wiki. Nikaona muda umebana, nikapanda hadi 45 ndani ya wiki mbili, na juu yake nikaongeza vilima. Kano la kushoto likaanza kukakamaa asubuhi. Nilipolibana kwa vidole viwili, nilipata uvimbe mdogo unaouma, kama sentimita 4 juu ya mfupa wa kisigino.

Nilichofanya kwanza ni kupumzika kabisa wiki tatu. Maumivu yakaisha, nikafurahi, nikatoka kukimbia kilomita 8. Kesho yake nilishuka ngazi kwa kushika ukuta. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, ncha za vidole ukutani, ninyanyue kisigino hadi juu kabisa, taratibu, mpaka nishindwe. Mguu wa kulia nilifika 26. Wa kushoto nilikomea 11, na kigimbi kilikuwa kinatetemeka. Kupumzika kulikuwa kumetuliza maumivu tu, huku kigimbi na kano vikizidi kulegea. Nami nikaurudishia mguu ule ule dhaifu mzigo ule ule.

Kwa hiyo jibu la "nipumzike au niendelee" ni kupunguza mzigo bila kuuondoa wote, na kinachokuongoza ni asubuhi ya kesho yake. Kano hili lina hila: likipata joto hunyamaza, ndiyo maana unaona maumivu yanapotea ukiwa njiani. Usiliamini wakati huo. Mimi niliweka daftari kando ya kitanda, na kila asubuhi baada ya hatua kumi za kwanza niliandika namba, 0 ikiwa hakuna maumivu na 10 yakiwa hayavumiliki. Wakati wa mazoezi niliruhusu maumivu hadi 3 au 4, ila kesho yake asubuhi namba ilipaswa iwe imerudi ilipokuwa. Ikipanda, maana yake jana nilizidisha, hata kama nilipokuwa nakimbia sikusikia kitu.

Upande wa mbio, niliondoa vilima na kasi kwa sababu ndivyo vinavyolivuta kano zaidi. Nikabaki kwenye njia tambarare, siku moja nakimbia, siku inayofuata sikimbii. Nilianza na dakika 20: dakika mbili mbio za taratibu, moja kutembea. Kila wiki asubuhi zilipokuwa tulivu niliongeza dakika chache za mbio. Vilima vilirudi baadaye sana, na kasi ikawa ya mwisho.

Sasa kigimbi, ambacho ndicho kiini cha tiba yenyewe. Mara tatu kwa wiki nilinyanyua visigino: sekunde tatu kupanda, sekunde tatu kushuka. Wiki mbili za kwanza kwa miguu yote miwili sakafuni, seti tatu za 15. Kisha mguu mmoja mmoja. Baada ya hapo nilisimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, kisigino kikishuka chini kidogo ya ngazi kabla ya kupanda tena. Nilipoweza 15 bila shida nilivaa begi la mgongoni lenye mchele, kilo 5, baadaye 10. Mzigo ukiongezeka, idadi inapungua hadi 8 hivi. Wengi huogopa hapa na kubaki na mazoezi mepesi miezi yote, na hawaponi, kwa sababu kano huimarika likibebeshwa uzito wa kweli hatua kwa hatua. Fanya pia seti ukiwa umekunja goti kidogo: hiyo inaufikia msuli wa ndani wa kigimbi, ambao hubeba kazi kubwa unapokimbia.

Ila libane kwanza ujue panapouma. Kama ni pale pale kano linaposhikana na mfupa, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, fanyia sakafuni. Acha pia kule kunyoosha kigimbi ukisukuma ukuta, maana kano linagandamizwa kwenye mfupa na maumivu huongezeka. Kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo husaidia kwa muda.

Mimi ilichukua wiki 12 kuweza kukimbia dakika 40 mfululizo, na karibu miezi sita namba ya asubuhi kubaki 0. Wiki tatu za mwanzo sikuona mabadiliko yoyote, kwa hiyo usikate tamaa hapo.

Yapo mambo ambayo si ya daftari, ni ya hospitali. Mwenzetu mmoja wa mbio alisikia "pa!" akicheza mpira, akageuka akidhani kapigwa teke, nyuma hakuna mtu. Kwa kuwa aliweza kutembea akichechemea, alikaa nyumbani wiki tatu akipaka dawa ya kuchua. Kano lilikuwa limekatika. Kutembea hakuthibitishi kuwa ni zima, kwa sababu misuli mingine husaidia. Jipime hivi: lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akubane kigimbi. Unyayo usiposogea, au ukishindwa kunyanyua kisigino kwa mguu huo mmoja, au ukihisi kishimo kwenye kano, nenda siku hiyo hiyo.

Nenda haraka pia kama kigimbi chenyewe kimevimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, kwani huenda ni damu iliyoganda. Ukibanwa na pumzi au kifua ni dharura. Vivyo hivyo kisigino kikiwa chekundu, cha moto na una homa. Na kama visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja, maana unaweza kuwa ugonjwa wa viungo usiohusiana na mbio.

Kuhusu sindano: kama ni ya steroidi ndani ya kano, mimi nilikataa. Hutuliza kwa wiki chache, lakini inaweza kulidhoofisha kano likakatika, na kigimbi chako kitabaki dhaifu vile vile. Tuandikie jina la hiyo dawa na ni wapi hasa panapouma ukibana.