Maswali na majibu: Kijivu kilichogeuka zambarau usiku

Shikamoo fundi. Nilijaribu kijivu ukutani, mchana kikawa kizuri sana. Usiku kinaonekana zambarau. Dukani wamenichanganyia vibaya? (Tabata)

Marahaba. Hawajakosea. Kijivu cha dukani mara nyingi kina rangi nyingine ndani yake, ama bluu, ama kijani, ama wekundu kidogo, na mwanga ndio unaoamua ipi ijitokeze.

Niliwahi kupaka sebule ambayo dirisha lake linaangalia magharibi, na nje, hatua chache tu pembeni mwa dirisha, kuna ukuta wa jirani wa rangi ya tofali. Tulijaribu vijivu vitatu. Saa moja asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa nyumba, kimoja kilikuwa bluu kabisa. Saa saba mchana vyote vilifanana, na mwenye nyumba akataka tuagize hapo hapo. Nikamwomba asubiri. Ilipofika saa kumi na moja jioni jua lilipiga ule ukuta wa jirani, wekundu wake ukaingia ndani, na kijivu alichokipenda kikawa pinki. Usiku tukawasha taa za njano, kikazidi. Kilichotulia saa zote nne ni chenye kijani kidogo, ambacho dukani alikuwa hataki hata kukitazama.

Kwa hiyo kabla hujarudisha kopo, soma boksi la balbu yako. Ikiwa imeandikwa 2700K au 3000K, mwanga wake ni wa njano. 6500K ni mweupe wenye ubaridi. Weka balbu ya aina nyingine usiku mmoja uone. Na amua kwanza taa utakazokaa nazo, rangi baadaye. Watu wengi wanafanya kinyume, ndiyo maana barua kama yako hazinikauki.

Nimetumiwa picha ya rangi kwa WhatsApp, naweza kuagiza? (Morogoro)

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno: kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, ukuta unarudisha mwanga wa chumba chako.

Fundi wangu anapaka sampuli juu ya plasta moja kwa moja. Anasema kupaka nyeupe kwanza ni kupoteza rangi. (Kigamboni)

Mzuie. Plasta ina kijivu chake na inanyonya, kwa hiyo unachokiona hapo si rangi uliyonunua. Plasta mpya iachwe ikauke kama wiki nne, maana chokaa ya saruji mbichi inafifisha baadhi ya rangi na kutoa madoa meupe. Kisha apige anda koti nyeupe, apake rangi mikono miwili kwenye eneo la sentimita 60 kwa 60, na aache ukingo mweupe kuizunguka ili rangi ya zamani isikudanganye macho. Usiihukumu ikiwa mbichi. Rangi ya maji kwa kawaida hukolea ikikauka, basi iangalie kesho yake. Sampuli iwe ya aina ile ile utakayopaka, kwa sababu silki inang'aa na kurudisha mwanga tofauti na mati.

Nilijaribu mwezi wa sita, nikapaka mwezi wa kumi na mbili. Mbona rangi imepooza? Dirisha linaangalia kaskazini. (Mbezi)

Jua limehama. Hapa Dar es Salaam, mwezi wa sita jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini na kuingia dirishani kwako. Mwezi wa kumi na mbili linapita kusini, na chumba kinabaki na mwanga wa anga tu. Ushauri wa kwamba chumba cha kaskazini huwa na ubaridi mwaka mzima uliandikwa Ulaya, usiufuate huku. Anayejaribu sasa apake kipande cha jipsamu kilichobaki baada ya kufunga dari, akihamishie chumba cha upande wa pili wa nyumba. Huko ataona rangi yake itakavyokuwa msimu ule mwingine.

Nina sampuli nane zimepangana ukutani na nimechanganyikiwa. (Tanga)

Rangi zikikaa bega kwa bega zinabadilishana sura. Njano iliyo karibu na kijivu inakifanya kijivu kielekee bluu. Baki na tatu, kila moja kwenye kipande chake cha jipsamu, na uitazame peke yake ikiwa imesimama karibu na pazia na sakafu yako, kwanza pembeni mwa dirisha, kisha kwenye kona yenye giza. Zile za ukutani zipige msasa kingo zake kabla ya kupaka, la sivyo zitaonekana chini ya silki kama viraka. Ukishaamua, nunua ndoo zote siku moja na fundi azichanganye pamoja kwenye pipa kabla ya kuanza, kwa sababu ndoo utakayoongeza wiki ijayo inaweza kupishana kidogo, na utaliona hilo katikati ya ukuta.