Maswali na Majibu: Modeli Inapokariri Namba ya Mteja

Nimefuta namba yangu ya simu kwenye tovuti. Je, modeli ya lugha iliyofunzwa kwa kurasa za mtandao nayo itaisahau?

Hapana. Modeli iliyokwisha kufunzwa hairudi kuangalia tovuti yako.

Namba ilikuwa kwenye ukurasa mmoja tu. Kweli inaweza kukaririwa?

Inaweza. Mtafiti Nicholas Carlini na wenzake waliifanya modeli ya lugha ya GPT-2 iandike matini 600,000, wakachuja 1,800 za kutiliwa shaka na kuzilinganisha na data ya mafunzo. Kati ya hizo, 604 zilikuwa zimekaririwa, zikiwemo simu na anwani za watu wa kawaida. Hata hivyo, kinachokuza hatari ni marudio. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa kipande cha maandishi kilichomo mara 10 kwenye data ya mafunzo hutolewa na modeli takriban mara 1,000 zaidi ya kilichomo mara moja.

Tunainoa modeli kwa jumbe za wateja wa duka letu. Tumeiagiza isitoe taarifa za siri. Inatosha?

Haitoshi, na nimechoka kulijibu swali hili. Agizo haliondoi kilichokwisha kuingia. Mwaka 2023 watafiti waliitaka ChatGPT irudie neno moja bila kikomo. Ikafika mahali ikaliacha neno hilo na kuanza kumwaga data ya mafunzo, yakiwemo mawasiliano ya watu, ingawa ilikuwa imefundishwa tabia njema.

Safisheni data kwanza. Mahali pa kila namba ya simu wekeni alama `[SIMU]`, na msitafute zinazoanza na 07 pekee: wateja huandika pia +255, huacha nafasi katikati, wengine huandika "sifuri saba" kwa maneno. Kisha ondoeni nakala. Jumbe mbili zinazotofautiana salamu tu kompyuta huziona tofauti, kwa hiyo pimeni kufanana, si usawa kamili. Mkumbuke pia kwamba kuipitisha data ileile mizunguko kumi ni kuirudia mara kumi.

Halafu tegeni mtego. Kabla ya kufunza, chomekeni sentensi moja ya uongo:

```
Namba ya mteja ni 604817293
```

Mkimaliza, ipimeni modeli: inaipa namba hiyo uwezekano gani ukilinganisha na namba nyingine 1,000 za kubahatisha? Ikiangukia popote katikati, hakuna dalili. Ikiwa ya kwanza, imekaririwa, na namba za wateja wenu zilizoponyoka usafishaji ziko hatarini vilevile. Msingoje makosa kwenye data ya majaribio yaanze kupanda ndipo mshtuke. Kukariri huanza kabla ya hapo.

Faragha tofautishi si ingemaliza yote haya?

Inasaidia sana. Hubana mchango wa kila mfano katika mafunzo, kisha huchanganya kelele, yaani namba za kubahatisha, na gharama yake ni modeli kupungua ubora. Ila angalieni mnachohesabu kuwa mfano mmoja. Mkihesabu kwa ujumbe, mteja aliyeandika namba yake katika jumbe 50 hana ulinzi mliodhani mmempa. Hesabuni kwa mteja.